Watu Wanane kwenye Mkeka: Namna ya Kupanga Utafiti wa Majadiliano ya Vikundi

Chukua zahanati ya kijijini ambayo wajawazito wanafika kliniki, ila wanafika wakiwa wamechelewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara ya kwanza kabla ya kutimiza wiki 12. Hapa kadi nyingi zinafunguliwa mimba ikiwa na miezi mitano au sita. Rejesta ya zahanati inaonyesha nani kachelewa na kwa muda gani, lakini haisemi sababu. Halmashauri inataka kuijua sababu hiyo kabla ya kumwaga fedha kwenye mabango na matangazo ya redio. Ndipo mtu mmoja kikaoni anatoa wazo ambalo hutolewa karibu kila mara: tuwaite akina mama kumi na wawili, tuwakalishe chini, tuwaulize.

Zahanati hiyo ni ya mfano, nitaitumia tangu mwanzo hadi mwisho wa makala haya. Wazo lenyewe si baya, ila neno moja ndani yake linapotosha: "tuwaulize". Kikundi cha majadiliano hakikubuniwa ili kuwahoji watu wengi kwa mkupuo. Kazi yake ni kumwezesha mtafiti kuwasikia watu wakizungumza wao kwa wao, wakibishana, wakikumbushana na kusahihishana. Watu wanane wakijibu mmoja mmoja kwa zamu huku wakimtazama mwezeshaji, kilichopatikana ni mahojiano manane mafupi yaliyofanyika mbele ya mashahidi, na hayo ni dhaifu kuliko mahojiano ya faragha na dhaifu kuliko kikundi. Kila uamuzi wa kupanga utafiti huu, yaani nani aalikwe, wakae wangapi na waulizwe nini, unapimwa kwa kigezo hicho kimoja: je, utawafanya wazungumze wao kwa wao?

Swali lipi ni la kikundi, lipi ni la faragha

Kabla ya kutafuta mkeka na soda, mtafiti huandika maswali yake yote kwenye karatasi na kuyagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mambo ambayo jamii inayaamua kwa pamoja: nini kinaonekana cha aibu na nini cha heshima, watu wanasemana vipi, nani ana kauli ndani ya nyumba, taarifa inapitia njia gani. Fungu la pili ni la mambo yaliyompata mtu mmoja na ambayo angependa yabaki yake.

Kwenye mfano wetu, swali "hapa kijijini mwanamke huficha mimba changa kwa nani, na anaogopa nini?" ni la fungu la kwanza. Hakuna mwanamke mmoja mwenye jibu lake kamili, kwa sababu jibu limo katikati ya watu. Likiwekwa mbele ya kikundi, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama zangu, mtu akijihisi ana mimba, nani huambiwa kwanza?"

"Mume. Wa kwanza ni mume."

"Mume gani, wewe! Mimi nilimwambia dada yangu. Mume alijua tumbo lilipotokeza."

"Wewe dada yako yuko jirani. Sisi tulioolewa mbali, ukimwambia wifi leo, kesho kisimani wanajua wote."

"Sasa wakijua mapema kuna ubaya gani?"

"Kuna maneno. Na ikitoka je? Utawaambia nini waliokwisha kukupongeza?"

Tazama aliyeuliza swali lililofungua jambo lenyewe. Si mwezeshaji, ni mshiriki. Na tazama jibu la kwanza, "mume", ambalo ndilo jibu la adabu ambalo mgeni angepewa kwenye mahojiano na akaliandika. Halikuishi hata nusu dakika mbele ya watu wanaoyajua maisha ya kijiji hicho. Jenny Kitzinger, mtafiti wa afya aliyeandika juu ya njia hii katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, mwaka 1995, alilisisitiza jambo hili hasa: mazungumzo baina ya washiriki ndiyo data, na ripoti inayonukuu mtu mmoja mmoja bila kuonyesha alikuwa anamjibu nani imeitupa nusu ya kazi.

Maswali mengine ya zahanati yetu ni ya fungu la pili. Mwanamke aliyewahi kuharibikiwa na mimba, aliyeogopa kupimwa virusi vya Ukimwi, au anayepigwa nyumbani, asiitwe kuyaeleza hayo mbele ya majirani. Tatizo si haya peke yake. Mwezeshaji anaweza kuapa kwamba yeye hatatoa siri, lakini hawezi kuapa kwa niaba ya watu saba wengine watakaorudi kijiji kilekile jioni. Maelezo ya ridhaa yanapaswa kulisema hilo waziwazi. Mahojiano ya mtu mmoja yanafaa pia pale unapotaka kufuata safari ya mtu hatua kwa hatua, tangu alipojihisi mjamzito mpaka alipofungua kadi, kwani ndani ya kikundi hakuna mtu anayepewa dakika arobaini za kusimulia peke yake.

Hata hivyo isichukuliwe kwamba kila jambo la siri hufa ndani ya kikundi. Greg Guest na wenzake walichapisha mwaka 2017 ulinganisho walioufanya kwa wanaume Waamerika wenye asili ya Afrika huko Durham, Karolina Kaskazini, wakiwagawa kwa bahati nasibu, wengine kwenye vikundi na wengine kwenye mahojiano. Mahojiano yaliibua mambo mengi zaidi ya aina mbalimbali, lakini baadhi ya mambo nyeti ya binafsi yalitajwa zaidi kwenye vikundi. Mmoja akithubutu, mwingine hupata ujasiri. Kwa hiyo swali la kujiuliza haliishii kwenye "je, jambo hili ni nyeti?" Linaendelea hivi: mtu akilisema hapa, atakaporudi nyumbani litamdhuru? Kama litamdhuru, ni la faragha.

Kwa zahanati yetu uamuzi unakuwa huu: vikundi kwa ajili ya desturi, maneno ya watu na mamlaka ya nyumbani, mahojiano machache ya faragha kwa wanawake waliochelewa sana, ili kufuata safari zao.

Nani akae na nani

Hapa ndipo utafiti mwingi hupona au huharibika. Kanuni ni nyepesi kuitamka: ndani ya kikundi kimoja waweke watu wanaolingana katika lile jambo linaloweza kuwafunga mdomo, kisha tofauti ziweke baina ya kikundi na kikundi. Ugumu ni kulijua jambo hilo kwa swali lako na kwa mahali pako.

Kwa mimba changa kijijini, si elimu wala dini inayotangulia. Ni ukwe na umri. Msichana wa miaka 19 mwenye mimba ya kwanza akikalishwa mkeka mmoja na mama mkwe wake, au na mwanamke wa rika la mama mkwe wake, atasema "shikamoo" na baada ya hapo ataafiki kila litakalosemwa. Sauti yake haitakuwa kwenye kinasa sauti, na kibaya zaidi, ripoti itaandika kwamba alikubali. Mume akiwapo, hali ni ileile.

Kwa hiyo tunatenga aina nne za vikundi: wanawake wa miaka 18 hadi 24 wenye mimba ya kwanza au mtoto wa kwanza, wanawake waliokwisha kuzaa mara mbili au zaidi, waume wenye watoto wadogo, na akina mama wakwe, ambao nyumba nyingi husubiri kauli yao. Kikundi cha waume kiwezeshwe na mwanamume, vya wanawake viwezeshwe na mwanamke. Muuguzi wa zahanati asiwezeshe kikundi chochote, hata awe mpole kiasi gani, kwa kuwa ndiye atakayewapokea washiriki wiki ijayo. Na majadiliano yasifanyike zahanati. Mahali hujibu kabla ya watu: ukikaa chini ya bango la chanjo utasikia yaliyoandikwa kwenye bango.

Vitabu vya Ulaya na Marekani hushauri mara nyingi watu wasiofahamiana, ili wawe huru. Kijijini watu wa namna hiyo hawapo, na kuwasomba kutoka mbali kunaua mazungumzo ya "wewe dada yako yuko jirani". Kitzinger mwenyewe aliwatumia watu waliokuwa tayari wanaishi au wanafanya kazi pamoja, kwa hoja kwamba hapo ndipo mawazo yao huzaliwa. Cha kukwepa ni ndugu wa nyumba moja na watu wenye mamlaka juu ya wenzao: mke wa mwenyekiti, mkopeshaji wa kikoba, mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Mtego wa mwisho uko kwenye kuita watu. Ukimwachia mwenyekiti wa kitongoji, atakuletea "wanaojua kuongea". Watakuwa watu wa vikao na semina, na pengine jamaa zake. Unaweza kuugundua mtego huu mapema: kabla ya kuanza, angalia kadi za kliniki za walioitwa. Kama wote walifungua kadi mapema katika kijiji ambacho wengi wanachelewa, umeletewa wanafunzi bora wa darasa. Tiba ni kuandika sifa za mshiriki kwenye karatasi, kutumia njia zaidi ya moja ya kuwapata (mjumbe mmoja, mwuza duka mmoja, na mama mmoja anayeleta wengine wawili asiowahi kukaa nao vikao), na kumwuliza kila mmoja maswali mawili matatu ya kumchuja kabla ya kumwalika.

Wangapi kwa kikundi, na vikundi vingapi

Richard Krueger na Mary Anne Casey, ambao kitabu chao kuhusu njia hii kinatumika sana vyuoni, wanapendekeza watu watano hadi wanane kwa mada zisizo za biashara. Wengine huenda hadi kumi. Kuliko kukariri namba, tufanye hesabu.

Kikundi kinakaa dakika 90. Toa dakika 20 za salamu, ridhaa na maneno ya mwezeshaji, zimebaki 70. Kwa watu wanane, kila mmoja anapata chini kidogo ya dakika tisa. Kwa watu kumi na wawili, wale waliopendekezwa kikaoni, kila mmoja hafikishi dakika sita. Mwongozo ukiwa na maswali kumi, hizo ni nusu dakika kwa kila swali. Katika nusu dakika mtu hutaja, hasimulii, na wala hapati nafasi ya kumjibu mwenzake. Watu wengi pia huzaa minong'ono ya pembeni, na hapo kinasa sauti hukusanya kelele. Kikundi cha wanne, kwa upande mwingine, hulegea mara mmoja akiwa mkimya, na mtoto mmoja akilia mazungumzo yote husimama.

Kwa mada yetu, ambayo kila mshiriki ana mengi ya kusema, sita hadi wanane wanatosha. Alika kumi kwa matarajio ya kupata wanane. Wakifika wote kumi, wapokee kwa heshima, na kama nafasi hairuhusu, wawili wapewe nauli yao na shukrani.

Swali la vikundi vingapi ni jingine kabisa. Katika utafiti wao wa Durham, Guest na wenzake walifanya vikundi 40, kisha wakaangalia mada zilizojitokeza zilionekana lini mara ya kwanza. Zaidi ya asilimia 80 ya mada zote zilikwisha kuonekana katika vikundi viwili hadi vitatu, na asilimia 90 katika vitatu hadi sita. Watu wengi hulichukua jibu hilo na kusema "basi vikundi vitatu vinatosha". Hapana. Vikundi vile 40 vilikuwa vya watu wa aina moja, na vilitumia mwongozo mmoja. Namba hiyo ni ya kila aina ya kikundi, si ya utafiti mzima. Aina zetu ni nne. Vikundi vitatu kwa kila aina ni vikundi 12.

Kuna sababu nzito ya kutobakiza kikundi kimoja kwa kila aina. Kikundi kina hali yake: siku hiyo kulikuwa na msiba, au alikuwapo mtu mmoja aliyewameza wenzake. Ukiwa na kikundi kimoja tu cha waume, huwezi kujua kama uliyoyasikia ni ya waume au ni ya siku ile. Cha pili ndicho kinachokuonyesha.

Kisha ipige bei hesabu hiyo. Vikundi 12 vya saa moja na nusu ni saa 18 za sauti. Kunukuu neno kwa neno sauti ya watu wanaodakiana maneno huchukua kwa wastani wa makadirio saa sita kwa kila saa moja, na mara nyingine zaidi. Hiyo ni saa 108, yaani karibu wiki tatu za kazi za mtu mmoja aliyevaa vipokea sauti masikioni. Sasa fikiria mtu kikaoni aseme "tutenganishe pia vijiji vya karibu na vya mbali". Vikundi vinakuwa 24 na wiki zinakuwa karibu sita. Ndiyo sababu kila mgawanyo lazima ulipe gharama yake. Umbali unaweza kushughulikiwa kwa kuchagua vijiji tofauti ndani ya vile vitatu vya kila aina. Ukwe na umri hauwezi.

Mwongozo: karatasi moja, si dodoso

Mwongozo wa majadiliano ni orodha fupi ya maswali yaliyopangwa ili watu waanze kwa wepesi na wafike kwenye jambo zito wakiwa wamekwisha kuzoeana. Krueger na Casey huyapanga kwa ngazi tano: la kufungulia, la kuingilia mada, la kuvukia, ya msingi, na ya kufungia. Hebu tuandike wa kikundi cha wanawake vijana.

La kufungulia: "Tuambie jina unalopenda tukuite leo, na kazi unayoipenda zaidi katika kazi zako za kila siku." Hili peke yake ndilo huzunguka kwa zamu, ili kila koo lipate kutoa sauti mara moja. Usiulize idadi ya watoto wala darasa alilofikia. Majibu hayo hupanga watu kwa vyeo kabla hawajaanza kuongea.

La kuingilia: "Ukisikia mtu anasema 'naenda kliniki', nini kinakujia akilini?" La kuvukia: "Kumbuka siku uliyokwenda kliniki mara ya kwanza. Ilikuwaje, tangu ulipotoka nyumbani?" Mawili haya yachukue kama dakika 15.

Maswali ya msingi ndiyo yanayobeba utafiti, na yapewe dakika 50 hivi. La kwanza liwe kisa: "Neema ana miaka 20. Ameolewa, anaishi kwa wakwe zake. Siku zake zimepita mara mbili. Anajua ana mimba, ila hajasema. Hapa kwetu Neema atamwambia nani, na lini?" Kisa hiki kinawapa vijana ruhusa ya kusema wanayoyajua bila kusema "mimi". Baadaye kidogo wengine watasema "mimi" wenyewe. La pili: "Jirani anamwona Neema anaingia zahanati na tumbo halijaonekana. Watu watasemaje?" La tatu ni kazi ya mikono: weka katikati ya mkeka kadi sita za picha, mathalani njia ndefu, mume, mama mkwe, majirani wanaonong'ona, foleni, na sindano ya kipimo. Waombe wazipange pamoja, kutoka kinachomzuia Neema zaidi hadi kinachomzuia kidogo. Kisha nyamaza. Hutafuti mpangilio wa mwisho. Unachotafuta ni ule ubishi wa "hiyo foleni ishushe chini, foleni haijamzuia mtu hapa".

Ya kufungia: "Katika yote tuliyoyasema leo, lipi ni zito kuliko yote?" Halafu mwandishi wa kumbukumbu asome muhtasari wa dakika mbili na kuuliza, "Wapi tumewasikia vibaya? Nini tumesahau?" Mara nyingi jambo kubwa hutoka hapa, watu wakiwa wanakusanya vitenge vyao.

Maswali kama manane yanatosha dakika 90. Tazama jinsi yalivyotungwa. Hakuna hata moja linaloweza kujibiwa kwa "ndiyo". Na hakuna "kwa nini". Kumwuliza mwanamke mbele ya wenzake "kwa nini ulichelewa kliniki?" ni kumsomea shtaka, naye atajitetea kwa sababu inayokubalika na kila mtu: umbali, kazi za shamba. "Ilikuwaje mpaka ukaenda siku ile?" huleta simulizi, na ndani ya simulizi sababu hujitokeza yenyewe.

Andika pia maneno ya kudodosa pembezoni mwa karatasi: "Hebu tueleze zaidi." "Nani ameona tofauti?" "Kwa mfano?" Hilo la pili ni muhimu kuliko yote, kwa sababu ya jambo ambalo Solomon Asch alilionyesha mapema katika miaka ya 1950. Aliwaweka watu katika kundi na kuwaomba walinganishe urefu wa mistari, swali ambalo mtoto anaweza kulijibu. Wengine wote kundini walikuwa wamepangwa kutoa jibu lisilo sahihi kwa makusudi. Takriban theluthi moja ya majibu ya wahusika ilifuata kosa la wengi. Kama hivyo ndivyo kwa mistari, sembuse kwa mimba na ukwe. Ukisema "je, wote mnakubaliana?" umewafunga. Ukisema "nani ameona tofauti?" umetangaza kwamba tofauti ina nafasi yake hapa.

Kisha ujaribu mwongozo kwa kikundi kimoja nje ya vijiji vya utafiti. Swali lililoleta ukimya mara mbili huandikwa upya. Lililojibiwa kwa neno moja hufutwa.

Dalili za kikundi kilichoharibika

Wanaofanya kazi hii huwa wawili: mwezeshaji, na mwandishi wa kumbukumbu anayechora ramani ya waliokaa, anampa kila mmoja namba, na anaandika namba pamoja na maneno mawili ya kwanza ya kila anayesema, ili anayenukuu baadaye ajue sauti ni ya nani. Watu wakae mduara, na mtafiti asikae kitini wao wakiwa chini. Anayeonekana kuwa msemaji sana keti naye ubavuni, mkimya aketi mkabala nawe. Macho hualika, ukimtazama mkimya atasema, na aliye ubavuni huna haja ya kumtazama kila mara.

Usingoje ripoti ili ujue mambo yamekwenda vipi. Jioni ileile fungua sauti, sikiliza dakika kumi za katikati na uhesabu. Kila mara baada ya mshiriki kusema, nani kafuata: mwezeshaji au mshiriki mwingine? Zikipokezana tu sauti ya mwezeshaji na ya mshiriki kama mchezo wa mpira wa meza, uliendesha mahojiano ya hadhara. Tiba ni kunyamaza. Baada ya mtu kumaliza kusema, hesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kufungua kinywa. Mara nyingi mwingine atakuwa ameanza kufikia nne.

Dalili ya pili ni lugha ya semina. Washiriki wakisema "jamii inahitaji kuelimishwa" au "sisi akina mama tunapaswa kuwahi kliniki kwa ajili ya afya ya mama na mtoto", wanakurudishia maneno ya mabango. Hawasemi uongo, wamekuona mtu wa mradi, wakakupa kinachopewa watu wa miradi. Rudi kwa Neema. Dalili ya tatu ni makubaliano ya haraka mno juu ya jambo ambalo umeshajua, kwa kadi au kwa mahojiano, kwamba watu wanatofautiana. Na ya nne iko kwenye ramani ya namba: namba 3 imesema mara arobaini, namba 6 mara mbili. Hapo usiandike "kikundi kilisema". Andika namba 3 alisema.

Kikundi kinaishia wapi

Tuseme vikundi 12 vimekwisha. Umekutana na washiriki wapatao 90, na mtu wa halmashauri anauliza ni asilimia ngapi walisema wanaogopa maneno ya majirani. Jibu la haki ni kwamba swali hilo halijibiki hapa. Washiriki hawakuchaguliwa kuwakilisha wilaya, hawakuulizwa kila mmoja, na aliyesema wa pili alikuwa amemsikia wa kwanza. Kinachohesabika ni vikundi: hofu ya maneno ilizuka yenyewe katika vikundi vyote vitatu vya vijana na katika kimoja tu cha mama wakwe, na waume hawakuitaja mpaka walipoulizwa. Hilo ni tokeo kamili, na linaelekeza mahali pa kufanyia kazi.

Hata chimbuko la njia hii linafundisha hivyo. Mwaka 1941, huko New York, Paul Lazarsfeld alimwalika mwenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, Robert Merton, kutazama jaribio la vipindi vya redio. Wasikilizaji walibonyeza kitufe chekundu pale walipochukizwa na cha kijani pale walipopendezwa. Vitufe vilionyesha ni dakika ipi iliyowagusa, lakini havikusema kwa lipi, na Merton akaanza kuwahoji kuhusu nyakati hizo. Miaka mingi baadaye alilalamika kwamba mahojiano ya kikundi yamegeuzwa mbadala wa utafiti wa takwimu. Kwake yalikuwa mahali pa kupatia dhana zinazopaswa kupimwa baadaye kwa watu wengi.

Kwa zahanati yetu, hatua inayofuata imekwisha kuonekana. Dodoso la wilaya lililokuwa limeandikwa ofisini lilikuwa na sababu tano za kuchelewa: umbali, nauli, foleni, kutojua na kazi. Vikundi vikifanywa vizuri, sababu ya sita itaongezwa kwenye orodha, kwa maneno ambayo wanawake wenyewe wanayatumia, na swali jipya litatangulia: "nani alikuwa wa kwanza kujua una mimba, na ilikuwa ya miezi mingapi?" Asilimia zitakazotoka kwenye dodoso hilo zitaaminika, kwa sababu safari hii jibu la kweli litakuwamo miongoni mwa majibu ambayo mwanamke ataruhusiwa kuchagua.